Kitanda cha Boga Katika Hesabu ya Safari

Jibu lilimkuta Boga ameegesha basi nje ya kiwanda, kule Changamwe, akingoja wafanyakazi wa zamu ya asubuhi watoke. Simu ikatetemeka juu ya dashibodi mpaka ikateleza, akaidaka isianguke. Akaona jina la Nafula, yule mama wa ofisi ya safari pale Magongo, akaifungua barua yake kama mtu aliyeitiwa matokeo ya mtihani.

Alisoma hivi:

“Salaam Bwana Boga. Ahsante kwa kutuuliza. Umesema watu wazima watatu, watoto wawili wa miaka minane na kumi na mmoja, kulala siku mbili, mwezi wa nane, na bajeti isizidi elfu themanini. Nimekutafutia njia tatu. Ya kwanza ni hoteli ya ufuoni, Diani, vyumba viwili, kula na kunywa kila kitu ndani: elfu mia moja na kumi na mbili. Ya pili ni loji ndani ya hifadhi ya Tsavo Mashariki, vyumba viwili, milo mitatu, pamoja na gari na dereva: elfu mia moja na thelathini. Ya tatu ni kambi ya mabanda nje ya hifadhi, upande wa Voi. Banda moja la familia, vyumba viwili vya kulala na bafu moja, milo mitatu, gari na dereva, na tiketi ya hifadhi ya siku moja: elfu sabini na nane. Nakushauri hii ya tatu. Iko ndani ya bajeti, na nyote mtakuwa chini ya paa moja. Bei hizi ni za raia wenye vitambulisho. Zitasimama siku saba. Chumba bado hakijashikwa, hushikwa ukilipa nusu.”

Macho ya Boga hayakusoma yote. Yalikwenda moja kwa moja kwenye sabini na nane, yakatua hapo. Elfu themanini ndizo alizokuwa nazo duniani: malipo ya likizo, na akiba yake ya chama cha madereva aliyoitoa yote. Hakukuwa na mahali pengine pa kuchota. Akasema alhamdulillahi kwa sauti, na papo hapo, bila kupumua mara mbili, akaibonyeza ile barua na kuituma kama ilivyo kwa mzee Hashim, ami ya mkewe, kule Timbwani.

Kisha king’ora cha kiwanda kikalia, watu wakapanda, naye akaendesha akipiga mluzi.

Boga alikuwa dereva tangu ndevu hazijamwota. Alianza kwa kuosha matatu, akawa utingo, akapata leseni na beji yake ya kubeba abiria, na kwa miaka mingi sasa alikuwa anaendesha basi la kiwanda. Hakuwahi kugonga mtu. Hakuwahi kuchelewesha zamu. Siku za mapumziko mwenye basi alilikodisha, na Boga ndiye aliyetumwa: harusi za Kisauni, wanafunzi wa kwenda kuona ngome, wazee wa kwenda kuzuru makaburi. Alishawapeleka watu Malindi, Watamu, Lunga Lunga, Taveta. Mkewe Salha hakupata kwenda naye hata mpaka Mtwapa. Kila mara alimwambia, “Subiri likizo,” na likizo ikija, mwenye basi anapiga simu.

Salha alisubiri. Hakuwa mwanamke wa makelele. Lakini Jumapili moja baba yake alifariki alfajiri, huko kwao Timbwani, naye Boga alikuwa amekwisha ondoka na kwaya ya kanisa kwenda Watamu. Simu yake aliiacha ndani ya basi, akaenda kulala kivulini huku wenye safari wakiimba ufuoni. Alipoiona, jua lilikuwa limepinda. Mzee alizikwa baada ya swala ya adhuhuri kama ilivyo ada, na wakwe wengine wote waliingia kaburini kumpokea. Boga aliwashusha wanakwaya, akavuka kivuko cha Likoni na basi lile lile, akafika matangani alasiri imekwisha swaliwa. Basi lilikuwa bado limefungwa riboni nyekundu na nyeupe kwenye vioo, na mbele limebandikwa maputo mawili. Watu waliokaa mikekani waligeuka wakalitazama. Mpaka leo Timbwani lile basi linasimuliwa.

Salha akabaki kumkalia mama yake, Bi Mwanarehema, katika eda. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo na watoto wawili. Eda ikaisha, Bi Mwanarehema akavua kaniki ya msiba, akaoga. Na Salha hakurudi Changamwe. Watoto wakahamishiwa shule ya Timbwani. Boga alikuja mara ya kwanza akaambiwa Salha amelala. Mara ya pili akaambiwa amekwenda sokoni, na huku viatu vyake anaviona mlangoni.

Ndipo akaitwa na mzee Hashim, ami yake Salha, aliyekuwa karani wa bandari zamani na mpaka sasa huzungumza kama anayepiga muhuri.

“Sikiza, Boga,” alimwambia. “Mtoto hataki kukutusi wala kukushitaki. Anasema hivi: wewe ni dereva wa watu. Watu wa mbali unawatembeza, wake zako hujawatembeza.”

“Mke mmoja, ami.”

“Nimesema kwa heshima. Usinihesabie. Sasa shemeji yangu, mama yake, tangu mzee afe hajatoka nje ya kiambo hiki. Marehemu alifanya kazi ya mkonge upande wa Voi ujanani mwake, akimsimulia habari za ndovu wekundu, akimwambia atampeleka. Hakumpeleka. Mchukue mama huyu na mwanawe na wajukuu, wakae siku mbili wapumzike, wapikiwe. Utakuwa umesema pole kwa namna ya kuonekana. Ukishindwa, mwisho wa mwezi tutakwenda kwa Kadhi tumalize kwa wema.”

“Nitawapeleka, ami. Wallahi.”

“Maneno ya mdomo nimechoka nayo. Nipe mpango ulioandikwa.”

Basi huo ndio mpango aliouomba kwa ofisi ya Nafula. Lakini kwa mkono wake mwenyewe aliandika “watu wazima watatu”, basi. Mtu hamtaji mkwewe kwa mgeni kama anayetaja mzigo. Aliona haya kuandika “mama mkwe wangu”, akaona watatu ni watatu. Nafula naye angejuaje?

Mzee Hashim alipiga simu jioni. Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo ilimtisha Boga kuliko kufokewa.

“Boga. Hii karatasi uliyonitumia umeisoma?”

“Nimeisoma, ami. Imeingia kwenye bajeti.”

“Mimi nimeisoma kwa sauti. Nilivaa miwani, nikakaa ukumbini, shemeji yangu yuko pale, mwanawe yuko pale, na jirani Mwanasaumu alikuja kuomba chumvi naye yuko pale. Nikasoma mpaka njia ya tatu. Banda moja. Bafu moja. Nyote chini ya paa moja.”

Boga aliiondoa simu sikioni, akairudisha.

“Unataka kumlaza mkweo nyuma ya ukuta wa mbao, wewe na mkeo upande wa pili? Aamke usiku akute ndala zako mlangoni mwa choo? Sisi ni Wadigo wa hapa hapa, na wewe ni Mdigo. Tangu umuoe Salha, umewahi kumwona mama yake akitafuna?”

“Sijapata, ami.”

“Sasa utamwona akitoka kuoga. Shemeji alinyanyuka bila kusema, akaingia chumbani. Salha akaniambia: ami, amekuja na riboni tena.”

Simu ikakatika. Boga aliketi katika nyumba yake, chumba na ukumbi, mezani kikombe kimoja. Kabati la Salha lilikuwa limefungwa vile vile alivyoliacha. Hakuwahi kulifungua. Alijiona mjinga kuliko wajinga wote wa Pwani, aliyechukua nafasi aliyopewa akaitupa baharini kwa kidole gumba.

Asubuhi, alipokwisha shusha zamu, alikimbilia Magongo. Ofisi ya Nafula ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa: meza moja, kompyuta, na ukutani picha ya twiga iliyokwisha pauka. Nafula alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa Bungoma, aliyekaa Changamwe miaka mingi.

“Bwana Boga, karibu. Umekuja kulipa nusu?”

“Nimekuja kufa, mama.”

“Ofisi hii si mahali pake. Keti kwanza.”

Akamweleza. Alipofika pale pa mkwe, Nafula aliweka kalamu chini na kushika kichwa.

“Huyo mtu mzima wa tatu ni mama mkwe? Mbona hukuniambia? Kwetu sisi mkwe akikuona njiani anaingia shambani kwa watu. Ningejua nisingethubutu kukuandikia hiyo ya tatu.”

“Niliona haya.”

“Haya yako imekuponza. Haya, tutazame upya.” Akageuza kompyuta naye aone. “Banda la familia linauzwa zima, wakilala watu watano au wanne bei ni ile ile. Tukikuwekea banda lako pembeni, ulale peke yako, kuna nyongeza ya mtu kulala chumba cha wawili. Inafika elfu tisini na mbili.”

“Sina.”

“Najua huna. Ndiyo maana nazungumza taratibu.”

“Na tukichukua vyumba viwili vya kawaida? Bibi alale na Nasreen, mjukuu wake, sisi tulale na Ahmad.”

“Mtoto analipa nusu akilala na watu wazima wawili. Akilala na mmoja, kambi inamhesabu kama mtu mzima. Tena hapo mko vyumba viwili badala ya banda moja. Inazidi elfu tisini.”

“Punguza usiku mmoja.”

“Mwezi wa nane hawauzi usiku mmoja. Ni siku mbili au hakuna.”

Boga alivuta kiti mbele. “Basi mimi nitalala mjini Voi, vyumba vya bei rahisi viko. Nitakuja asubuhi.”

“Kambi iko mbali na mji, na gari lenyewe ni moja. Likupeleke usiku, ndovu wanavuka barabara? Mwenye gari hatakubali.”

“Ondoa tiketi ya hifadhi.”

“Niondoe? Hiyo ni ada ya serikali, hulipwa mtandaoni, mimi siipati hata senti. Lakini nikiiondoa, mama atakwenda kuangalia nini? Miiba?”

Chini, barabarani, lori la makontena lilipita na kioo cha dirisha kikacheza. Boga alikuwa anatazama ile karatasi ya hesabu kwenye kompyuta, mstari baada ya mstari, kama mtu anayetafuta jina la nduguye katika orodha ya waliozama. Banda. Milo. Tiketi. Gari. Mafuta. Dereva, siku tatu.

“Huyu dereva,” akasema, “yeye analala wapi?”

“Kambi zote zina chumba cha madereva, nyuma, karibu na jiko. Vitanda vya juu na chini. Wanalala huko, wanakula huko, gharama yake ndogo sana. Lakini ni kwa madereva tu, mgeni haruhusiwi.”

“Mimi ni dereva.”

Nafula alimtazama.

“Beji ninayo,” Boga akasema. “Leseni ninayo. Niondoe kwa wageni. Nitie hapo.”

Nafula aliangalia tena mstari wa dereva. Alichukua simu akampigia Kyalo, mwenye gari, akaiweka mezani ili wote wasikie.

“Kyalo, niko na mtu anataka kuendesha gari lako kwenda Tsavo.”

“Mteja?” ikasema sauti. “Madam, gari langu haliendeshwi na mteja. Akiligonga, bima itaniuliza nini?”

“Ni dereva wa basi la kiwanda. Ana beji, hajawahi kugonga.”

“Wote hawajawahi, mpaka siku hiyo.” Kisha akauliza: “Ni Boga? Yule wa kiwandani, anayesimama kabisa kwenye reli hata kama hakuna treni?”

“Mwenyewe.”

“Huyo namjua, anatukasirisha kila asubuhi. Sawa. Lakini nisikize, mzee, kama uko hapo. Ukishika usukani, wewe si mteja. Lile gari lina jina langu. Hukai meza ya wageni, hulali kwa wageni, na wakikuita unakuja. Watu wa kambi wakikukuta unastarehe huko mbele watanipigia mimi. Umeelewa?”

“Nimeelewa.”

“Na wageni wenyewe ni nani?”

Boga aliisogelea simu. “Ni familia moja ya Timbwani.”

Nafula akaandika upya. Mshahara wa dereva ukatoka, na kilichookolewa, pamoja na zile elfu mbili zilizobaki kwenye themanini, kikatosha tiketi ya hifadhi ya siku ya pili. Akachapa karatasi, kwa kuwa Boga alimwomba asitume kwa simu tena. Kabla ya kumpa akaishikilia kidogo.

“Baba Nasreen, lazima nikwambie. Nimepiga simu kambini. Banda la familia limebaki moja. Wamekubali kuniwekea mpaka kesho saa sita mchana, bila pesa, kwa hisani. Saa sita ikipita bila nusu na namba za vitambulisho vya hao watu wazima wawili, wanaliuza. Mwezi wa nane sina jingine la bei hiyo.”

Boga alivuka Likoni na ile karatasi ndani ya shati, ikilowa jasho. Njia nzima alijihukumu. Kosa lake lilikuwa nini hata mke akahama? Kwamba ni dereva wa watu. Na sasa dawa aliyoichukua ni ipi? Kwenda kuwa dereva wao. Atawabeba, atawashusha, ataegesha, atakula na madereva nyuma ya jiko, kama siku zote. Mara mbili alitaka kurudi. Lakini kurudi wapi? Kwenye kikombe kimoja?

Alimkuta mzee Hashim barazani. Akampa shikamoo, akampa karatasi, akaketi kwenye ncha ya mkeka. Mlango ulikuwa wazi nusu, pazia limeshushwa, na nyuma ya pazia palikuwa na watu. Alijua kwa jinsi palivyokuwa kimya.

“Nisome?” Hashim akauliza, akielekeza sauti ndani.

“Soma, ami,” ikajibu sauti ya Salha.

Akavaa miwani. “Kambi ile ile. Wageni: watu wazima wawili, watoto wawili. Banda la familia, vyumba viwili, bafu lao wenyewe. Milo mitatu. Hifadhini siku mbili. Elfu themanini kamili. Ishikwe kabla ya kesho saa sita.” Akakunja karatasi, akaifunua tena. “Hii ina adabu kidogo.”

Pazia halikutikisika.

“Ami,” Salha akasema, “wazima wawili ni mimi na mama. Yeye yuko wapi?”

Hashim akapitisha kidole. “Hapa pana mstari wa chini. Dereva, mmoja. Chumba cha madereva, chakula cha madereva.”

“Muulize, hata sisi anatuchukua kikazi?”

Mzee Hashim alimgeukia Boga. “Umesikia. Au nikusomee?”

Boga alikuwa ameinamisha uso.

“Ami, mwambie pesa haikufika,” akasema. “Nimeipindua kila upande. Katika hesabu yote kilikuwapo kitu kimoja tu ninachoweza kukitoa bila kumtoa mtu mwingine, nacho ni kitanda changu. Na mwambie…” Akashika ncha ya mkeka. “Siku ile ya mzee sikuomba radhi. Nilisema simu ilikuwa garini. Simu ilikuwa garini kweli, lakini mimi ndiye niliyekwenda kulala. Mzee alizikwa nimelala. Radhi naiomba leo, kwa mama, na kwake. Wakitaka waende na dereva mwingine, nitampata. Lakini waende.”

Nje, mwuza maji alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakilia, yakafifia. Mzee Hashim alivua miwani akaifuta na pindo la shuka, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Sauti iliyotoka haikuwa ya Salha. Ilikuwa ya mtu mzima, kavu, na ilimwendea Hashim, maana kwa mkwe haiendi moja kwa moja.

“Shemeji, muulize huyo dereva, huko kwao nyuma ya jiko kuna blanketi? Marehemu alikuwa akisema Voi usiku kuna baridi.”

“Anauliza blanketi,” Hashim akasema.

“Sijui, ami. Sikuuliza.”

“Hajui, shemeji.”

“Basi atachukua la hapa.” Na chini ya pazia ukatoka mkono wenye pete ya fedha, umeshika leso iliyofungwa fundo. Hashim akaifungua. Ndani mlikuwa na kitambulisho cha Bi Mwanarehema, kimechakaa kona.

Hashim akakiweka juu ya karatasi. Akanyoosha mkono tena kwenye pazia, kiganja wazi, akangoja cha pili. Hakikuja.

Boga aliutazama ule mkono wa mzee ukielea hewani. Akaona saa sita ya kesho inamjia kama lori lisilo na breki.

“Salha,” Hashim akasema, “wanataka viwili.”

“Changu hakiko hapa, ami. Nilipokuja kwenye msiba sikukichukua. Kiko Changamwe, kabatini.”

Boga akainuka nusu. “Nitakwenda sasa hivi. Nitakileta…”

“Mwambie asiguse kabati langu,” Salha akasema. Kisha sauti ikashuka, kama ya mtu anayezungumza na pazia lenyewe. “Kesho asubuhi nitakwenda mwenyewe kukichukua. Anipitie saa moja. Na aje kwa miguu, asije na lile basi.”